Kazi ya ziada imekuja na VAT ni Jumatatu: njia nne za kukataa bila kuharibu jina

Naandikia wale ambao wakiona mtu anakuja mezani kwao na karatasi mkononi tumbo linacheza, maana wanajua anachotaka na wanajua watasema "sawa, niachie" halafu watakaa mpaka saa mbili usiku wakijilaumu. Mi nimekaa chumba cha uhasibu Dar miaka kadhaa, duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na nimekataa kazi vibaya mara nyingi kuliko nilivyokataa vizuri. Kuna njia nne ambazo nimezitumia zote na kila moja imeshanisaidia na imeshaniponza, kwa hiyo nitaziweka zote kwenye kisa kimoja tuone.

Kisa chenyewe

Alhamisi tarehe 16, saa tatu asubuhi. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita mwisho wake ni tarehe 20, yaani Jumatatu, na mi huwa siachi mpaka siku yenyewe kwa sababu siku ya mwisho mji mzima unaingia kwenye mfumo kwa pamoja, na ukigundua risiti ina kosa huna tena muda wa kumtafuta aliyeitoa. Lengo langu ni Ijumaa jioni iwe imeenda.

Mezani nina risiti za manunuzi 140 za kuhakiki moja moja: ni ya mashine kweli, ina namba yetu ya mlipakodi, kodi inasomeka au wino umefutika (zile karatasi zikikaa juani kidogo tu basi, unabaki na karatasi nyeupe). Dakika 3 kila moja, hayo ni masaa 7. Kulinganisha mauzo ya kwenye vitabu na ripoti za mashine masaa 4. Mhasibu mkuu kupitia na mi kurekebisha atakachokiona, masaa 2. Jumla 13. Siku mbili za kazi zina masaa 16, kwa hiyo nimebaki na masaa 3.

Hapo ndo anaingia meneja mauzo. "Mdogo wangu, naomba ripoti ya wadaiwa wote, kila mteja anadaiwa kiasi gani na deni lina siku ngapi, nina kikao Jumatatu asubuhi." Ile ripoti naijua vizuri, ni masaa 5, sio kwa sababu ni ngumu ila kuna wateja kama 60 na wengi wanalipa kwa simu bila kuandika namba ya invoisi, unaanza kazi ya upelelezi nani kalipa nini.

Nina 3, inataka 5. Hesabu hii naomba uifanye kabla hujafungua mdomo maana njia zote nne zinaitegemea. Ukisema "niko bize" hujasema kitu, nani ofisini hayuko bize? Lakini "nina masaa matatu na hii inakula matano" hiyo mtu anaielewa hata kama haipendi.

Tunapima kwa nini

Nitaangalia vitu vilevile kwa kila njia. Aliyeomba anabaki na nini mkononi akitoka mezani kwako. Wewe inakugharimu nini. Inakwama wapi. Wiki ijayo anasema nini kuhusu wewe, maana jina ofisini linatengenezwa pale kwenye chai wewe ukiwa haupo. Na mwisho, inamfaa nani.

1. Hapana ya mapema

"Kaka, shikamoo. Hii kabla ya Jumatatu sitaiweza, nafunga VAT na nimebaki na masaa matatu, hii inataka matano. Nakwambia sasa hivi ili upate muda wa kuangalia njia nyingine."

*Anabaki na nini:* siku mbili nzima. Na hapa ndo watu wengi hawaoni, hapana ya Alhamisi saa tatu na hapana ya Ijumaa saa kumi jioni ni maneno yaleyale kabisa ila ya kwanza imemwachia mtu siku mbili za kujipanga na ya pili imemuua. Nikiangalia watu waliopata jina baya pale kwetu karibu wote sio kwa sababu walikataa, ni kwa sababu walichelewa kukataa.

*Inakugharimu nini:* dakika mbili za kuangaliana usoni. Kwetu hapana kavu inasikika kama dharau, hasa kwa mtu aliyekuzidi umri, ndo maana salamu inatangulia na ndo maana mi namwambia uso kwa uso kwanza halafu wasapu inafuata kama kumbukumbu, sio kinyume chake. Ukianza na wasapu anaisoma kwa sauti anayoitaka yeye. Halafu toa sababu moja tu. Ukitoa tatu, VAT, na mtoto anaumwa, na kompyuta inasumbua, hata kama zote ni kweli zinanuka uongo.

*Inakwama wapi:* kwa bosi wako wa moja kwa moja, yeye ndo anapanga kazi zako kwa hiyo hapana yako kwake ni kama unampangia. Pia inakwama kama Ijumaa mchana umeonekana kwenye korido unacheka na watu wa stoo nusu saa. Unaweza ukawa kweli ulikuwa unapumzika baada ya risiti 90, hakuna atakayejali.

*Wiki ijayo:* siku ya kwanza analalamika. Baadaye anasema "yule akikwambia hapana basi tafuta mwingine, ila akisema ndiyo kalale." Inachukua miezi kufika hapo, sio wiki.

*Inamfaa:* aliyekwishakaa kazini na watu wanamjua, anayeombwa na mwenzake wa idara nyingine.

2. Ndiyo ya tarehe

"Naifanya, ila utaipata Jumanne saa kumi jioni. Inafaa?"

Hii ndo tamu kuliko zote kuisema, hakuna anayekunja uso. Ila kwenye kisa chetu angalia kwanza, kikao ni Jumatatu. Tarehe yangu haimsaidii chochote, nimemkatalia tu kwa tabasamu. Kwa hiyo kabla ya kutaja tarehe kuna swali la kuuliza: "Unaihitaji kwenye kikao chenyewe au baada ya kikao?" Utashangaa, mara nyingi tu inageuka kwamba kwenye kikao wanataka namba mbili tatu za juu na ripoti yenyewe ni ya kufanyia kazi wiki inayofuata. Watu wanataja siku ya karibu kwa sababu wanajua usipotajiwa ya karibu hutaanza.

*Anabaki na nini:* tarehe na saa. Saa ni muhimu, "Jumanne" kwake ni asubuhi na kwako ni jioni, hapo tayari mmeshagombana bila kujua.

*Inakugharimu nini:* deni. Kila tarehe unayotaja ni kipande cha wiki ijayo umeshakiuza. Mi nina daftari dogo, nikitoa tarehe naandika palepale mbele ya mtu, na nikikuta nimeshatoa tarehe mbili kwenye wiki hiyo ya tatu siitoi. Ukiona unaweza Jumanne asubuhi sema Jumanne jioni, ukimaliza mapema hakuna atakayekulaumu.

*Inakwama wapi:* ukikosa tarehe moja tu. Kukataa kabisa kunasamehewa haraka kuliko tarehe iliyopita kimya. Na ukiona utachelewa mwambie kabla, sio baada, hata masaa manne kabla yanabadilisha kila kitu.

Hapa niingize na ile ndugu yake bandia, "ngoja nione." Wote tunaitumia, pamoja na "tutaangalia" na "nitajaribu". Kwa msemaji ni hapana ya heshima. Shida anayesikiliza anasikia ndiyo. Kuna dada mmoja wa manunuzi aliniletea stetimenti za wasambazaji nimlinganishie, nikamwambia "ngoja nione" huku moyoni nimeshakataa, nikasahau kabisa. Ijumaa jioni kaja na flashi yake mkononi anasubiri faili na msambazaji yuko kwenye simu. Nilivyomwambia sijaanza alininyamazia tu, akageuka akaondoka. Wiki kama tano hakuniletea kitu chochote na sio kwa uzuri, alikuwa anawaambia watu "yule hapana". Kwa upande mwingine kuna watu wanaotumia "ngoja nione" na wanarudi kweli ndani ya saa moja na jibu, kwao inafanya kazi. Kama hurudi usiiseme.

*Inamfaa:* mwenye wiki ijayo iliyo wazi kweli, na kazi ambayo siku yake inasogezeka.

3. Panga wewe

Hii ni ya bosi wako. Hukatai, unamrudishia yeye uamuzi akiwa na namba zote: "Bosi, VAT inanilia masaa 13 mpaka Ijumaa. Ripoti ya wadaiwa ni 5. Nina 16. Tuanze na ripoti VAT iende Jumamosi, au VAT kwanza ripoti ije Jumanne?"

Kuna kosa nililifanya kwenye kisa hiki hiki mara ya kwanza. Meneja mauzo sio bosi wangu, bosi wangu ni mhasibu mkuu. Mi nikaenda moja kwa moja kwa mhasibu mkuu, akampigia simu meneja, na meneja akajua nimemshtaki. Sikuwa nimemshtaki ila ndivyo ilivyoonekana, na miezi miwili salamu zilikuwa za kutafutwa. Sasa hivi namwambia aliyeomba kwanza: "Kaka, kazi zangu anapanga mhasibu mkuu, twende wote tukamuulize." Mara nyingine akisikia hivyo tu anasema basi acha, na hapo umejua haikuwa ya haraka kihivyo.

*Anabaki na nini:* uamuzi wa mtu mwenye mamlaka, ambao ni mzito kuliko ahadi yako. Kama ripoti ni muhimu kuliko VAT kuwahi, wao ndo watabeba.

*Inakugharimu nini:* lazima ujue kazi zako kwa masaa. Ukienda na "nina mambo mengi bosi" utarudi na mambo mengi pamoja na moja.

*Inakwama wapi:* kwa yule bosi anayesema "fanya vyote." Wote tunamjua. Hapo usibishe, endelea na hesabu kwa sauti ileile: "Sawa bosi, vyote ni 18 na nina 16, hayo mawili nije Jumamosi asubuhi, tuyaandike masaa ya ziada?" Huu sio ujeuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hapa Tanzania inasema kazi ya kawaida isizidi masaa 45 kwa wiki, ya ziada ni kwa makubaliano na isizidi masaa 50 ndani ya wiki 4, na inalipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. (Kama wewe ni meneja unayesimamia watu na kuripoti moja kwa moja juu kabisa, kifungu hicho cha masaa hakikuhusu, pole.) Sikushauri uende na sheria mkononi ukaisome mezani kwa mtu, utashinda siku hiyo na utashindwa mwaka mzima. Ila ukijua ipo unauliza swali la Jumamosi bila kutetemeka, na bosi anayejua gharama ya masaa ya ziada mara nyingi anagundua ripoti inaweza kusubiri.

*Wiki ijayo:* ukifanya vizuri wanasema "yule anajua kazi zake." Ukifanya kila siku wanasema "yule bila kuulizwa mara tatu hafanyi kitu." Mi najiwekea, isizidi mara moja au mbili kwa mwezi.

*Inamfaa:* anayeombwa na mabosi wawili, na mwenye bosi anayesikiliza namba.

4. Kipande

"Yote siwezi, ila wateja 12 wakubwa nakupa kesho saa nne asubuhi."

Pale kwetu kati ya wale 60, wateja 12 ndo wanabeba sehemu kubwa ya deni lote, makandarasi hao. Waliobaki ni mafundi wanaodaiwa mifuko ya saruji mitano sita. Wale 12 nawamaliza kwa saa moja na nusu kwa sababu wanalipa benki na namba ya invoisi inakuwepo. Kwenye masaa yangu 3 bado nabaki na moja na nusu kama kinga, na niamini kinga hiyo inaliwa, lazima itokee risiti ambayo namba yetu imekosewa tarakimu moja.

*Anabaki na nini:* kitu cha kuingia nacho kikaoni. Kwa mwenye shida hii ndo inapoza kuliko zote.

*Inakugharimu nini:* kazi kweli, sio maneno. Njia tatu za juu zinakula dakika, hii inakula masaa. Kama huna kabisa usijaribu.

*Inakwama wapi:* kipande kikichukuliwa kuwa ndo chote. Nilishatuma faili la hao 12, nikaandika vizuri kwenye wasapu kwamba sio wote, meneja akaliprinti, akaingia nalo, akasoma jumla ya chini kama deni lote la kampuni. Mkurugenzi akakumbuka namba kubwa kuliko ile na swali likarudi kwangu. Maelezo yangu yalibaki kwenye simu, karatasi ndo iliyoingia kikaoni. Tangu siku hiyo naandika ndani ya karatasi yenyewe, juu kabisa, herufi kubwa: WATEJA 12 TU KATI YA 60, MALIPO MPAKA TAREHE 15. Na jumla ya chini siiiti "jumla", naiita "jumla ya hawa 12".

Halafu kipande kinazoeleka. Leo 12, mwezi ujao "niongezee na wale wa Tegeta", mwezi wa tatu imekuwa kazi yako ya kila mwezi na hakuna aliyekuandikia mahali. Ikirudi mara ya tatu hamia njia ya tatu, iende kwa bosi ipangwe rasmi.

*Wiki ijayo:* "hakuweza yote ila hakuniacha." Kwa jina hii inalipa haraka, ndo maana inavutia, na ndo maana inachosha.

*Inamfaa:* mwenye nafasi ndogo lakini ya kweli, na kazi inayogawanyika. Kuna kazi hazigawanyiki, huwezi kumpa mtu nusu ya ritani.

Sasa wewe uko wapi

Kama ombi limetoka kwa mwenzako na huna hata saa moja, hapana ya mapema, leo hii, kabla ya chai. Usimzungushe na tarehe ambayo unajua haimfai.

Kama una masaa kidogo na kazi inakatika vipande, changanya ya nne na ya pili: kipande kesho, kilichobaki Jumanne saa kumi. Ndivyo ninavyomalizana na meneja mauzo siku hizi. Bado ananung'unika kwamba anataka yote, ila VAT inaenda Ijumaa na yeye anaingia kikaoni na karatasi.

Kama ni bosi wako mwenyewe, au wawili wanakuvuta huku na huku, tumia "panga wewe", na aliyeomba ajue kabla hujaenda juu.

Kama uko kwenye miezi ya majaribio mambo ni tofauti, hapana bado hujainunua. Tumia tarehe na vipande, na tarehe zako zisikose hata moja, kwa sababu mtu mpya anakumbukwa kwa ile moja aliyokosa. Masaa yako uyaandike hata hivyo, siku ukiitwa kuulizwa mbona umechoka uwe na cha kuonyesha.

Na kama kampuni ni ya familia na bosi ni mjomba wako, hapana kavu isahau, na "panga wewe" ataichukulia unampa mtihani. Kipande ndo chako, ukipeleka mwenyewe mkononi asubuhi kabla hajakuulizia, na Jumamosi utaenda tu, cha kuomba ni usiende Jumapili pia.